Namba ya nyenzo ni ya nani? Kusoma athari ya wastani ya watiifu

Mwaka 2008 jimbo la Oregon nchini Marekani lilikuwa na nafasi chache za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, na waombaji wengi mno. Karibu watu 90,000 walijiandikisha, kisha jimbo likachagua kwa bahati nasibu nani aruhusiwe kuomba. Watafiti walipofuatilia rekodi za hospitali za eneo la Portland kwa takriban miezi 18, walikadiria kwamba kupata bima kuliongeza mahudhurio katika idara ya dharura kwa 0.41 kwa mtu, wakati wastani wa kundi lisilochaguliwa ulikuwa 1.02. Ni ongezeko la asilimia 40 hivi. Kabla ya hapo, utafiti kuhusu jimbo la Massachusetts, ambalo kwa sheria ya mwaka 2006 liliwataka wakazi wake wawe na bima, ulikuwa umeona mahudhurio ya dharura yakipungua.

Msomaji wa haraka atasema mmojawapo amekosea. Si lazima. Ile 0.41 haikuwa jibu la swali "bima humfanya mtu nini?" Ilikuwa jibu la swali jembamba zaidi, na wembamba wake ndio tunaoufungua hapa.

Tuanze na bahati nasibu yenyewe. Kushinda hakukuwa sawa na kuwa na bima. Mshindi alitumiwa fomu na kupewa siku 45 kuirudisha, kisha kipato chake kikakaguliwa. Wengi hawakurudisha, na wengine wengi walirudisha wakaonekana hawana sifa. Upande wa pili, baadhi ya walioshindwa walipata Medicaid kwa milango mingine, kwa mfano kwa sababu ya ujauzito au ulemavu. Mwishowe, kwa namba za kuzungusha, asilimia 14 ya walioshindwa walikuwa na Medicaid wakati fulani katika kipindi cha utafiti, dhidi ya asilimia 40 ya washindi. Tofauti ni pointi 26 za asilimia.

Bahati nasibu hapa ndiyo nyenzo: kitu kinachosukuma watu kuelekea bima bila kuchagua nani mgonjwa na nani mzima. Inasukuma, haiburuti, na msukumo uleule huwakuta watu walio katika hali tofauti. Kuna ambao wangekuwa na bima washinde wasishinde. Tuwaite wapokeaji daima. Kuna ambao wasingekuwa nayo kwa vyovyote. Hao ni wasiopokea kamwe. Kuna watiifu, wanaopata bima wakishinda na kukosa wakishindwa. Na kwa hesabu tu, kuna uwezekano wa wakaidi, wanaokosa bima kwa sababu wameshinda na kuipata kwa sababu wameshindwa.

Majina haya hupotosha kidogo. "Asiyepokea kamwe" si lazima awe mtu mwenye msimamo dhidi ya bima. Katika Oregon kundi hilo lina aliyepoteza fomu na pia aliyeipeleka akakataliwa kwa kuwa kipato kilizidi. Makundi haya hayaelezi tabia ya mtu. Yanaeleza tu jinsi anavyokutana na nyenzo hii, na ukibadili nyenzo, mtu yuleyule anaweza kuhamia kundi jingine.

Sasa tuone hesabu kwa karibu. Namba zifuatazo ni za kubuni, ila nimezipanga zifanane na umbo la Oregon ili zisichanganye. Chukua washindi 1,000 na walioshindwa 1,000. Kwa kuwa kura ni ya nasibu, kila upande una mchanganyiko uleule: wapokeaji daima 140, watiifu 260, wasiopokea kamwe 600. Wakaidi tuseme hawapo. Wapokeaji daima huhudhuria dharura mara 2.00 kwa wastani, wakiwa na bima. Wasiopokea kamwe huhudhuria mara 0.80, bila bima. Watiifu huhudhuria mara 1.00 bila bima na mara 1.40 wakiwa nayo.

Mtafiti haoni makundi haya. Anachoona ni visanduku vinne. Washindi wenye bima ni 400, wamehudhuria jumla ya mara 644, wastani 1.61. Washindi wasio na bima ni 600, mara 480, wastani 0.80. Walioshindwa wenye bima ni 140, mara 280, wastani 2.00. Walioshindwa wasio na bima ni 860, mara 740, wastani 0.86.

Akilinganisha wote wenye bima na wote wasio nayo, anapata 1.71 dhidi ya 0.84, tofauti ya 0.87. Namba hiyo imevimba, kwa sababu wapokeaji daima ni watu wa kuhudhuria sana na wamejaa upande wenye bima. Akisema basi nitalinganisha washindi waliopata bima na wote walioshindwa, anapata 1.61 kutoa 1.02, yaani 0.59, na bado amekosea: washindi wenye bima ni watu waliochujwa, walioshindwa hawajachujwa. Hili la pili ni kosa linalorudiwa sana na wanaofikiri kwamba ukishakuwa na kura popote kwenye data, umeokoka.

Ulinganisho halali ni ule unaoheshimu kura: washindi wote dhidi ya walioshindwa wote. Wastani wa washindi ni 1.124, wa walioshindwa ni 1.020, tofauti 0.104. Tofauti hiyo imetoka wapi? Mpokeaji daima ana bima pande zote mbili, kwa hiyo kura haijambadilisha kitu, na wastani wa kundi lake ni uleule kulia na kushoto. Asiyepokea kamwe hali kadhalika. Wanafutana. Waliobadilika ni watiifu peke yao, na wao ni asilimia 26 ya watu. Kwa hiyo 0.104 ni athari yao iliyochanganywa na sifuri za wengine wote. Igawe kwa 0.26 na unapata 0.40, tofauti halisi kati ya 1.40 na 1.00.

Huo ndio ugawaji unaofanywa na kila makadirio ya nyenzo yenye thamani mbili, hata yakivikwa nguo za regresheni ya hatua mbili:

```r
juu  <- mean(Y[Z == 1]) - mean(Y[Z == 0])
chini <- mean(D[Z == 1]) - mean(D[Z == 0])
juu / chini
```

Hapa `Z` ni kura, `D` ni bima, `Y` ni mahudhurio. Guido Imbens na Joshua Angrist walionyesha mwaka 1994 kwamba uwiano huu, athari zinapotofautiana kati ya watu, ni wastani wa athari kwa watiifu, nao wakaupa jina local average treatment effect, kwa kifupi LATE. Kazi yao ya mbinu hizi ilitajwa walipopewa Nobeli ya uchumi mwaka 2021. Kabla ya hapo vitabu vilizoea kudhani athari ni moja kwa kila mtu, na kwa dhana hiyo swali la "athari ya nani?" halikuwa na maana. Ukiiacha dhana hiyo, swali ndilo linalobaki mezani.

Angalia kilichohitajika ili hesabu isimame. Kura iwe ya nasibu kweli, vinginevyo makundi hayalingani pande mbili. Kura isiguse mahudhurio kwa njia nyingine isipokuwa bima, vinginevyo wapokeaji daima na wasiopokea kamwe hawafutani. Hatua ya kwanza, yaani ile 0.26, iwe mbali na sifuri, maana kugawa kwa namba ndogo hukuza kila kasoro iliyo juu yake: upendeleo wa 0.02 kwenye tofauti ya mahudhurio huwa 0.08 ukigawa kwa 0.26, lakini huwa 0.40 ukigawa kwa 0.05. Na wakaidi wasiwepo.

Sharti la wakaidi ndilo linalopitwa kwa haraka zaidi, kwa hiyo tulipe nafasi. Tuseme kwingineko watiifu ni asilimia 30, na bima huongeza mahudhurio yao kwa 0.5. Wakaidi ni asilimia 10, na bima huongeza yao kwa 2. Kila anayeguswa ana athari ya kuongeza. Lakini mkaidi aliyeshinda amepoteza bima, kwa hiyo anaingia kwenye hesabu kwa alama ya kutoa. Juu tunapata 0.15 kutoa 0.20, yaani −0.05. Chini tunapata 0.30 kutoa 0.10, yaani 0.20. Jibu ni −0.25. Bima inayoongeza mahudhurio ya kila mtu imetoka kwenye kompyuta ikiwa inayapunguza, na hakuna kosa la sampuli wala la msimbo.

Kwa kura ya Oregon ni vigumu kumfikiria mtu anayekosa bima kwa sababu ameruhusiwa kuiomba, kwa hiyo sharti linakubalika. Nyenzo nyingine si za kuaminiwa hivyo. Chukua utafiti wa Marekani uliotumia jinsia ya watoto wawili wa kwanza kama nyenzo ya kupata mtoto wa tatu: wenye watoto wa jinsia moja huelekea zaidi kuongeza. Wengi hutaka mchanganyiko, lakini wapo wazazi wanaotaka, tuseme, wavulana wawili. Wakipata mvulana na msichana huendelea, wakipata wavulana wawili huacha. Hao ni wakaidi wa kweli. Hatua ya kwanza katika utafiti huo ilikuwa pointi 6 hivi tu, kwa hiyo hata wakaidi wachache wana uzito. Tofauti na uchache wa watiifu, ukaidi hauonekani kwenye wastani wa hatua ya kwanza, kwa sababu namba hiyo ni watiifu kutoa wakaidi.

Turudi kwenye mfano wetu, maana bado kuna kitu cha kuchimba. Wengi huishia kwenye 0.40 na kuandika ripoti. Lakini visanduku vinne vinaweza kukuambia watiifu ni watu gani. Washindi wasio na bima ni wasiopokea kamwe watupu, kwa hiyo 0.80 ni wastani wao. Walioshindwa wenye bima ni wapokeaji daima watupu, kwa hiyo 2.00 ni yao. Kwa washindi wenye bima, toa sehemu ya wapokeaji daima: 644 kutoa 280 ni 364, gawa kwa 260, ni 1.40. Kwa walioshindwa wasio na bima, toa sehemu ya wasiopokea kamwe: 740 kutoa 480 ni 260, gawa kwa 260, ni 1.00. Huwezi kumtaja mtiifu kwa jina, kwani mshindi mwenye bima anaweza kuwa mtiifu au mpokeaji daima, lakini wastani wa kundi unautoa bila shida. Kwenye R hesabu hiyohiyo hufanywa hivi, na ukiizungushia `summary()` inakupa makosa ya kiwango kwa mkupuo:

```r
library(ivreg)
ivreg(I(Y * D) ~ D | Z)               # watiifu wakiwa na bima
ivreg(I(Y * (1 - D)) ~ I(1 - D) | Z)  # watiifu bila bima
ivreg(I(umri * D) ~ D | Z)            # umri wa wastani wa watiifu
```

Mstari wa mwisho hufanya kazi kwa sifa yoyote iliyopimwa kabla ya kura: umri, jinsia, kuwa na ugonjwa sugu. Jedwali la sifa za watiifu kando ya sifa za sampuli nzima lina manufaa kuliko kurasa tatu za maelezo kuhusu uhalali wa nyenzo, na ni ajabu kwamba bado huachwa.

Kuna faida ya pili. Ikiwa wastani wa watiifu unaotoka ni namba isiyowezekana, mfano mahudhurio hasi au uwezekano unaozidi 1, na si kwa bahati ya sampuli tu, basi sharti mojawapo limevunjika. Ama kura si ya nasibu kweli, ama ina njia ya pembeni, ama wakaidi wapo. Usitegemee kinyume chake: namba zenye sura nzuri hazithibitishi kwamba masharti yametimia.

Sasa linganisha. Bila bima, watiifu wana 1.00 na wasiopokea kamwe wana 0.80. Wakiwa na bima, watiifu wana 1.40 na wapokeaji daima wana 2.00. Makundi yanatofautiana hata pale ambapo hali ya bima ni sawa. Hilo halithibitishi kwamba athari pia inatofautiana, ila linakuondolea haki ya kudhani kimyakimya kwamba 0.40 ni ya wote.

Je, wastani wa wote ungekuwa ngapi? Ni 0.26 mara 0.40, jumlisha 0.14 mara athari ya wapokeaji daima, jumlisha 0.60 mara athari ya wasiopokea kamwe. Mbili za mwisho data haizioni kabisa, kwa sababu hakuna mpokeaji daima aliyeonekana bila bima wala asiyepokea kamwe aliyeonekana nayo. Zikiwa zote 0.40, wastani ni 0.40. Zikiwa 0.80 kwa wa kwanza na −0.20 kwa wa pili, wastani ni 0.104 jumlisha 0.112 kutoa 0.120, yaani chini kidogo ya 0.10. Data ileile, kura ileile, na robo ya athari. Anayedai wastani wa wote ameleta dhana kutoka nje, na ni haki kumuuliza ni ipi.

Hali moja hupunguza mzigo huu: pale ambapo aliyeshindwa hana njia yoyote ya kupata afua. Wapokeaji daima hutoweka, kila aliyepata ni mtiifu, na makadirio huwa athari kwa waliopata. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema kama milango ya pembeni inaweza kufungwa.

Njia moja ya kuharibu kazi nzuri ni kuipima bima vibaya. Ukisema `D` ni 1 kwa aliyekuwa na bima siku ya mwisho tu ya utafiti, kuna mshindi aliyekuwa nayo miezi 10 kisha ikakatika. Kwake `D` ni 0, lakini kura imembadilisha kupitia ile miezi 10. Athari yake inaingia juu ya mstari bila yeye kuhesabiwa chini, na uwiano huvimba. Dawa yake ni kutumia "aliwahi kuwa na bima" au idadi ya miezi. Ukitumia miezi, jibu huwa wastani wa athari ya kila mwezi wa ziada, ukiwapa uzito zaidi wale ambao kura iliwaongezea miezi mingi.

Jingine linahusu vigeu vya udhibiti. Katika Oregon jina la mtu mmoja likichaguliwa, familia yake nzima iliruhusiwa kuomba, kwa hiyo aliyeandikishwa pamoja na wenzake wa nyumbani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Kura ni ya nasibu ndani ya ukubwa wa kaya tu, na regresheni lazima ibebe kigeu hicho. Ukikiweka kama kigeu bubu kwa kila ukubwa, unapata mchanganyiko wa athari za watiifu wa kila aina ya kaya, na uzito huwa mkubwa pale kura ilipogawanya watu karibu nusu kwa nusu na pale watiifu walipo wengi. Ni wastani halali, ingawa si wa watiifu wote kwa usawa. Ukiweka udhibiti kama mstari mmoja ulionyooka huku uhusiano wa kweli hauko hivyo, uzito wa baadhi ya watu unaweza kuwa hasi, hata wapokeaji daima wakaingia mlango wa nyuma. Gawanya kwenye visanduku pale unapoweza, badala ya kutegemea mstari.

Na ukiwa na nyenzo mbili zinazotoa majibu mawili, usikimbilie kuitupa moja. Jaribio la Sargan au la Hansen hupima kama majibu yanafanana. Athari zikitofautiana kati ya watu, nyenzo mbili halali kabisa zinaweza kulifeli, kwa kuwa kila moja ina watiifu wake.

Hapo ndipo Oregon na Massachusetts zinapokutana. Watiifu wa Oregon ni watu waliojiandikisha wenyewe na ambao, wakishinda, hurudisha fomu ndani ya siku 45 na kukidhi kigezo cha kipato. Mwenye maradhi ana sababu kubwa ya kufuatilia fomu hiyo. Massachusetts ilitumia msukumo wa aina nyingine: sheria iliyomtaka hata asiye na haja ya haraka ya bima aipate. Mtu ambaye Oregon angehesabiwa asiyepokea kamwe, kwa Massachusetts huenda ni mtiifu. Amanda Kowalski, mchumi aliyezichambua tafiti hizi pamoja, aliona kwamba watiifu wa Massachusetts wanashabihiana zaidi na sehemu ya wasiopokea kamwe wa Oregon, na kwamba athari kwa watu wa namna hiyo inaweza kuwa ya kupunguza. Namba moja ilikuwa ya waliokimbilia mlango ulipofunguliwa, nyingine ya waliosukumwa wapite. Mtunga sera anayefikiria kuongeza nafasi kwa waombaji wa hiari ana sababu ya kuanza na ya kwanza, na anayefikiria kulazimisha bima kwa wote aanze na ya pili.